Tazama ncha ya kipapasio

Maneno ya mtoa mada, kipindi cha sayansi, darasa la 5. Dakika 8 hivi. Vifaa: chupa mbili za kioo (Chupa A ina kipepeo, Chupa B ina nondo, wote waliokotwa wakiwa wameshakufa), lenzi ya kukuzia, na picha moja kubwa iliyofunikwa kwa karatasi.

[Simama na picha mkononi, usiifunue bado.]

Hamjambo wanafunzi! Asante, mwalimu, kwa kunikaribisha. Leo tunazungumzia wadudu wawili wanaofanana mpaka watu wazima wanawachanganya: kipepeo na nondo. Na mapema kabisa niseme, simaanishi zile nondo za kujengea nyumba. Zile ni vyuma. Nondo wangu mimi anaruka.

[Waache wacheke. Funua picha.]

Haya, mtazameni huyu. Mabawa meusi yenye mistari ya kijani, na huku nyuma rangi kama za upinde wa mvua, nyekundu, samawati, dhahabu. Anaishi Madagaska na huruka mchana. Wanaosema ni kipepeo, mikono juu! Wanaosema ni nondo? Sawa, mikono chini. Sisemi kitu. Tutamrudia.

[Weka picha mezani, ionekane.]

Tuanze na undugu wao. Ukimshika kipepeo bawa, vidole vinabaki na unga. Ule kwa kweli si unga. Ni magamba madogo mno, yamepangana kama vigae vya paa, na ndiyo yanayompa rangi. Nondo naye anayo. Ndiyo maana wanasayansi wamewaweka katika kundi moja, wakalipa jina la Kigiriki lenye maana ya "mabawa ya magamba". Katika kundi hilo vipepeo ni wachache: aina kama 18,000. Nondo ni zaidi ya 120,000. Kwa hiyo tunaowasifu kila siku ndio tawi dogo, na nondo ndio ukoo wenyewe.

Sasa nitawatofautishaje? Wengi mtaniambia, kipepeo ana rangi nzuri na nondo ana rangi ya vumbi. Hiyo ifuteni. Wengine mtasema, kipepeo huruka mchana na nondo usiku. Hiyo ina ukweli mwingi, ila haitoshi, maana wapo nondo wa mchana, na wapo vipepeo wa Amerika wanaoruka usiku.

Mimi huwa natazama kichwani kwanza.

[Inua Chupa A. Pita nayo polepole mstari wa mbele.]

Hivi viuzi viwili vinavyotoka kichwani vinaitwa vipapasio. Fuateni kimoja kwa macho, kuanzia kichwani hadi mwisho. Mnaona nini nchani? [Subiri.] Ndiyo, kinavimba. Kama njiti ya kiberiti: mti mwembamba, kisha kichwa. Huyo ni kipepeo.

[Inua Chupa B. Mpe mwanafunzi mmoja lenzi.]

Huyu nilimwokota asubuhi chini ya taa. Hebu tuambie, vipapasio vyake vikoje? [Subiri. Atasema kama unyoya, au kama kitana.] Hasa, unyoya. Nondo wengine vyao ni kama uzi mtupu, unakwenda ukichongoka. Lakini kile kichwa cha njiti ya kiberiti, nondo karibu wote hawana.

Kwa nini unyoya? Kwa sababu nondo hunusa kwa vipapasio. Usiku rangi hazisaidii, basi jike hutoa harufu, na dume huifuata gizani. Unyoya una matawi mengi, kwa hiyo unanasa harufu kidogo sana. Kidogo kiasi gani? Mwanakemia Mjerumani, Adolf Butenandt, alitaka kujua harufu hiyo imetengenezwa na kitu gani. Yeye na wenzake walitumia nondo wa hariri wapatao 500,000 ili wapate kiasi cha kupima. Jibu lilitoka mwaka 1959. Nondo laki tano, kwa harufu ambayo dume mmoja anaitambua bila maabara yoyote!

[Pumzika kidogo. Weka viganja pamoja kama unaomba, kisha vilaze mezani.]

Alama nyingine ni mabawa wakati wa kutulia. Kipepeo akipumzika mara nyingi huyafumba yakasimama juu ya mgongo, hivi. Nondo huyalaza, yakamfunika kama paa la nyumba. Ila kipepeo anayeota jua naye huyatandaza, kwa hiyo msimhukumu haraka. Nondo wengi pia ni wanene na wana manyoya mwilini. Na wengi wana unywele mgumu kwenye bawa la nyuma, unaoingia katika bawa la mbele kama kishikizo, mabawa yakaruka pamoja. Huo hamtauona kwa macho tu, kwa hiyo tuendelee.

Kabla ya kuwa na mabawa, wote wawili ni viwavi. Kiwavi wa kipepeo akishiba hujining'iniza, akajivua ngozi, na chini yake kuna pupa yenye gamba gumu, mara nyingi bila kufunikwa na chochote. Kiwavi wa nondo, si wote lakini wengi, hujisokotea kwanza kifukofuko cha nyuzi. Hariri tunayovaa inatoka huko. Uzi wa kifukofuko kimoja unaweza kufika mita 900. Wengine hawasokoti, wanajifukia ardhini tu. Na huyo nondo wa hariri akishatoka hali chakula tena. Anatafuta mwenzake, jike anataga, wanakufa baada ya siku chache.

[Wakiuliza kuhusu nguo zilizotobolewa:] Anayekula sweta ni kiwavi wa aina chache tu za nondo. Yule anayeruka chumbani hana meno ya kutafuna sufu.

[Wakiuliza kwa nini nondo huzunguka taa. Huwa wanauliza:] Usiku, juu angani kuna mwanga kuliko chini. Mdudu anayeruka huelekeza mgongo kwenye mwanga, ndivyo anavyojua juu ni wapi. [Shika lenzi pembeni ya kichwa chako kama taa, ugeuze mgongo kuifuata, uzunguke.] Taa ikiwa ubavuni, naye anageuzia mgongo huko, anapinda, anapinda tena, hatoki. Watafiti waliowapiga picha za kasi walilieleza hilo mwaka 2024. Kumbe hakuwa akiifuata taa. Alikuwa amepoteza juu na chini.

[Chukua tena picha. Simama karibu nao.]

Sasa tumrudie huyu wetu wa Madagaska. Anaruka mchana, na rangi ndizo hizo. Mwaka 1773 Mwingereza mmoja, Dru Drury, alimwandika kuwa kipepeo. Kwa hiyo mlionyoosha mkono kwa kipepeo msione haya, hata mtaalamu alidanganyika. Lakini ninyi mna kitu cha kutazama. Nani atakuja kunionyesha kipapasio? Njoo. Fuata kwa kidole, taratibu... Kuna kichwa cha njiti?

[Subiri jibu lake.]

Hakuna. Chembamba mpaka mwisho. Nondo!

Makundi, anzeni kuja. Kundi la kwanza lichukue Chupa A, la pili Chupa B, na lenzi izunguke. Vifuniko msifungue, maana kile kipapasio cha unyoya kikiguswa tu kinakatika, nami sina kingine.