Fundo la Jarife
Tamthilia fupi ya sehemu tano

SEHEMU YA KWANZA: MGENI WA KINA

Diko la Kigombe, kusini mwa Tanga, alfajiri ya Jumatatu katika msimu wa kusi. Maji ni ya bamvua na mashua ya Nahodha Kombo imepandishwa mchangani mapema kuliko kawaida. Mabaharia wanne wanabeba jarife, nyavu kubwa ya kutega, lililoviringwa kama maiti, na hakuna anayeimba.

Mwanahamisi, mwenye miaka ishirini na minne, karani wa takwimu wa diko, anawafuata akiwa na daftari na futi ya kitambaa.

MWANAHAMISI: Shikamoo, Ami Kombo. Mmepata nini hata mnakwepa mezani kwangu?

KOMBO: Marahaba, mwanangu. Chewa tu. Andika chewa mmoja, tumalize.

Jarife linafunuliwa. Ndani yake amelala samaki wa rangi ya buluu iliyokolea, mwenye madoa meupe na magamba magumu kama vigae, na mapezi yake yamesimama juu ya vikonyo vya nyama mfano wa viguu vya mtoto mchanga. Wazee wa diko wanasogea wenyewe bila kuitwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki wa namna hii walipoanza kunaswa na majarife ya Tanga, kila mtu hapa anamjua: ni silikanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani pamoja na madinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kwa ajili yake maji haya yamekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2009. Nyama yake ina mafuta mengi kiasi kwamba anayeila huisha usiku chooni. Hanunuliwi kwa ajili ya kuliwa.

KOMBO (kwa sauti ya chini): Kuna mtu njiani kutoka mjini. Ukiandika chewa, mama yako atapata fungu lake.

Mwanahamisi hajibu. Anapima: sentimita mia moja na arobaini. Anaandika silikanti, anaandika jarife, na mbele ya neno mmiliki anaandika Kombo. Kisha anapiga magoti ili alitoe pezi lililonasa, na hapo vidole vyake vinagusa kiraka. Nyavu ni ya kijani, lakini jicho moja limeshonwa kwa uzi mweusi, fundo maradufu, na ncha ya uzi imeachwa kwa urefu wa punje ya mchele.

Ni mtu mmoja tu pwani hii aliyekuwa akiacha ncha hiyo. Ni baba yake, Bakari Hatibu, ambaye Kombo aliapa miaka miwili iliyopita kwamba alizama karibu na kisiwa cha Maziwe pamoja na mashua yake na nyavu zake zote.

SEHEMU YA PILI: SWALI LISILOULIZWA

Nyumbani kwa Bi Zainabu, jioni ya siku hiyo. Bi Zainabu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kwenye msumari wa ukutani zimening'inia kanga doti tatu mpya na baibui ambalo bado lina lebo ya duka. Ni vitu alivyovileta Kombo pamoja na posa. Nikaha ni Ijumaa baada ya Alasiri.

Kwa haki, hakuna wa kumlaumu mwanamke huyu. Alikalia eda yake miezi minne na siku kumi bila kupunguza hata siku moja, naye akawa mjane kwa ushahidi wa Kombo, aliyesema mbele ya sheikh kwamba alimwona Bakari akimezwa na wimbi.

Mwanahamisi anatoa kipande cha nyavu alichokikata kwa wembe na kukiweka juu ya kifuu.

MWANAHAMISI: Mama, tazama fundo hili.

Mbuzi inanyamaza. Bi Zainabu anakiangalia kipande hicho bila kukigusa, kisha anafuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayehesabu. Binti anasubiri aulizwe kimeokotwa wapi, kwa sababu ndilo swali ambalo mjane yeyote angeliuliza kwanza.

BI ZAINABU: Kombo amekuona ulipokichukua?

SEHEMU YA TATU: UZI

Asubuhi ya Jumanne, chini ya mkungu wa Mzee Athumani, fundi wa nyavu ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, ila vidole vyake bado vinaona. Anakipokea kipande, anakizungusha, anakinusa, kisha anauweka uzi mweusi baina ya meno yake.

MZEE ATHUMANI: Mkono ni wa baba yako. Hilo sikuwa na haja ya kuambiwa. Mimi ndiye niliyemfundisha, na hiyo ncha nilimkataza mara mia.

MWANAHAMISI: Kwa hiyo Ami Kombo aliiba jarife la baba, halafu akasema limezama.

MZEE ATHUMANI: Usikimbilie, mjukuu wangu. Sikiliza uzi. Uzi mweusi ukikaa kwenye chumvi na jua huwa na rangi ya kahawia kabla ya kusi mbili kupita, na ukiuvuta hutoa vumbi. Uvute huu.

Mwanahamisi anauvuta. Uzi ni mweusi kama masizi, na unang'aa.

MZEE ATHUMANI: Kiraka hiki hakijamaliza mwezi.

SEHEMU YA NNE: MOA

Usiku wa Jumatano, Shabani, kaka yake Mwanahamisi na baharia wa Kombo, amekaa ukingoni mwa kisima na hataki kumtazama dada yake usoni.

SHABANI: Kila mwezi, bamvua likiisha na maji yakiwa mafu, tunapeleka nyavu zilizochanika Moa, karibu na mpaka. Nahodha hushuka peke yake. Sisi hutuamuru tukae chomboni, na anayeuliza hapati mgao.

MWANAHAMISI: Miaka miwili, Shabani!

SHABANI: Nilidhani ana fundi wa bei rahisi.

Alhamisi Mwanahamisi anapanda bodaboda hadi Tanga mjini, na kutoka hapo gari la upande wa Horohoro, akiwa ameshika kipande cha nyavu ndani ya pochi kama hirizi. Njiani anawaza jambo ambalo alilisikia utotoni na ambalo hakuna aliyelizingatia siku zile za msiba: mkondo wa bahari yetu huvuta kwenda kaskazini, na kinachopotea Maziwe huokotwa huku, Moa au Jasini. Mwaka ule hakukuokotwa ubao wala kidumu.

Kijijini Moa anaelekezwa hadi kibanda cha makuti nyuma ya mikoko. Mwanamume amekaa chini, mgongo mlangoni, sindano ya nyavu mkononi. Anashona kwa mkono wa kulia tu. Jicho la nyavu analibana kwa vidole vya mguu, maana mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kifundo. Wavuvi wa Tanga wanaujua mkono wa namna hiyo bila kuelezwa. Ni baruti ya kuvulia samaki.

MWANAHAMISI: Baba.

Sindano inaanguka. Bakari hageuki mara moja, na anapogeuka uso wake hauna mshangao bali una uchovu.

BAKARI: Lilipuka mapema, mwanangu. Kijana niliyekuwa naye alipoteza macho yote mawili, na polisi walikuwa wananitafuta. Mama yako alijua. Tulikubaliana kwamba bora nife. Kila mwezi anauza kipande cha dhahabu yake na kumpa Kombo aniletee.

MWANAHAMISI: Na ndoa ya kesho, hiyo nayo mlikubaliana?

BAKARI: Ndoa gani?

Kabla hajajibiwa, pazia la kibanda linafunuliwa. Mwanamke kijana anatoka akiwa na mtoto asiyetimiza mwaka, ambaye anamnyoshea Bakari mikono yote miwili na kumwita "Baba". Mwanahamisi anamtambua mwanamke huyo, kwa kuwa alimpikia wali siku ya hitima ya baba yake.

Ni Salma, mdogo wake Kombo.

SEHEMU YA TANO: RIDHAA

Ijumaa, baada ya Alasiri. Barazani kumetandikwa mikeka. Sheikh amekaa katikati, walii ambaye ni kaka mkubwa wa Bi Zainabu yuko kuliani kwake, Kombo kushotoni akiwa amevaa kanzu inayonukia udi. Ndani, Bi Zainabu amefunikwa ushungi. Mwanahamisi anaingia na vumbi la safari.

MWANAHAMISI: Nimemwona.

BI ZAINABU: Punguza sauti. Kombo ameniambia nikikataa atakwenda kituoni kesho. Nitaolewa juu ya ndoa, dhambi hiyo niachie mimi, lakini baba yenu hatafungwa.

MWANAHAMISI: Mama, ile dhahabu umekuwa ukimlisha nani?

Anamweleza. Si maelezo marefu: kibanda, pazia, mtoto, Salma. Bi Zainabu hakatishi neno hata moja. Mkono wake unakwenda wenyewe kwenye sikio, mahali palipokuwa na kipuli, na kukuta tundu tupu.

Mashahidi wawili wanabisha hodi ya ridhaa.

SHAHIDI: Bi Zainabu binti Mwinyi, walii wako anataka kukuoza kwa Kombo bin Saidi. Umeridhia?

Kimya. Katika desturi zetu mwali akinyamaza huhesabiwa ameridhia, ila huyu si mwali, na kimya chake hakitoshi. Shahidi anauliza mara ya pili. Hapo ndipo inaposikika gari ikisimama nje, na salamu ya watu ambao hawakualikwa: ofisa wa hifadhi, askari mmoja, na Shabani nyuma yao akiwa ameshika daftari la diko.

OFISA: Samahani, sheikh, hatukujua kuna shughuli. Tunamtafuta mmiliki wa jarife lililomnasa silikanti Jumatatu. Nyavu imetegwa ndani ya maji ya hifadhi bila kibali, na samaki mwenyewe haonekani. Hapa pameandikwa Kombo.

Kombo anasimama. Anamtazama askari, anaitazama mikeka, na kwa mtu aliyeishi miaka miwili akiwatanguliza wengine mbele ya kila jambo, maneno yanatoka kwa wepesi uliozoeleka.

KOMBO: Mashua ni yangu, sikatai. Jarife si langu. Jarife hilo ni la Bakari Hatibu.

Sheikh anainua kichwa polepole.

SHEIKH: Kombo, uliapa mbele yangu kwamba jarife la Bakari lilizama naye.

Kombo anafungua mdomo, halafu anaufunga. Askari anachukua kalamu.

OFISA: Basi niandike mmiliki ni marehemu Bakari Hatibu?

Mlango wa ndani unafunguka. Bi Zainabu anatoka hadi barazani, mbele ya wanaume, ushungi ukiwa mabegani, na kile kipande cha nyavu kikiwa kimebanwa kiganjani mwake.

BI ZAINABU: Futa hilo neno marehemu.

ITAENDELEA