Kiambatisho C: Konokono Alivyohama (masimulizi ya 3)

Faili ni SIM_03.wav, nimerekodi kwa simu jioni. MS ni msimulizi, bibi aliyekataa jina lake liandikwe, MJ ni mjukuu wake, WT ni wote waliokuwepo, MT ni mimi mtafiti. (.) ni kapumzika kidogo, (..) ni zaidi ya sekunde moja, = ni wamedakiana maneno bila mwanya, mabano mraba ni kicheko, vitendo na kadhalika. Lugha sijaisafisha, alivyosema ndo nilivyoandika.

01 MS: Paukwa!
02 WT: Pakawa!
03 MS: Hapo kale konokono alikuwa hana nyumba (.) kapanga kwa chura.
04 MJ: Chura ana nyumba?=
05 MS: =Wewe sikiliza. (..) Sasa huyu chura kila usiku ukiingia
06     anakaa mlangoni anadai (.) kodiii kodi! kodiii kodi!
07     [anabana pua, WT wanacheka]
08 MT: Ehe.
09 MS: Konokono hana kitu. Akaimba:
10     Chura wee ningoje
11 WT: Kesho!
12 MS: Mvua ikija nalipa
13 WT: Kesho!
14 MS: Usinitoe na giza
15 WT: Kesho!
16 MS: Mvua ikaja (.) hana. Ikaja tena (.) hana.
17     Usiku akaibeba ile nyumba mgongoni huyooo, polepole.
18 MJ: Akakamatwa?
19 MS: Atakamatwaje, na nyumba haipo mtu agonge wapi? (..)
20     Ndo maana mvua ikinyesha chura anapiga kelele, anamdai.
21     Hadithi yangu imeishia hapo.

Maelezo. Mstari wa 06 ulinisumbua kuliko yote maana ukiusoma tu kwenye karatasi umekufa, ile "kodi" ni neno na papo hapo ni mlio wa chura, ndo kichekesho chenyewe, kwahiyo nimerefusha irabu na kitendo cha pua nikakipa mstari wake, namba 07. Mstari wa 08 ni mimi, nilitamani kuufuta lakini ukifutwa namba zote zinasogea na pia si kweli kwamba sikuwepo. Mstari wa 14 nilisikia "na giza", rafiki niliyempa asikilize akasikia "na kiza", tumerudia mara nyingi tu na nimeacha yangu. Huo wimbo WT waliujua kabla bibi hajaanza, hakuna aliyewafundisha itikio, sasa naona ni wa zamani kuliko hadithi ya siku ile. Tena nilipomwomba arudie kwa ajili ya kurekodi vizuri (SIM_04.wav) mstari wa 12 ukawa "Mwezi ukija nalipa", sijaichanganya na hii, imekaa peke yake Kiambatisho D.