Mahindi ya Juu ya Moto

Wafula alifika kwa kukhu, nyanya yake, huko Kiminini mwezi wa tatu, mvua bado haijashuka, kwapani amebeba pakiti ya haibridi kilo 10. Yeye kazi yake ni kuzalisha mbegu huko Kitale na alijua kabisa atapingwa. Akamkuta jikoni anashusha mahindi yaliyoning'inia juu ya moto tangu mavuno, meusi kwa moshi, dumuzi hajagusa hata moja.

"Kukhu, ekari moja unatoa magunia nane. Hii itakupa hata 20."

"Bila mbolea?"

"Mbolea lazima."

"Na mwaka ujao?"

"Unanunua ingine." Akaanza kueleza haraka haraka, eti ukirudisha shambani punje za haibridi uliyovuna, watoto wanatoka kila mmoja na tabia yake, huyu mrefu huyu mfupi, nguvu inashuka, na si ujanja wa kampuni, ni maumbile tu.

"Sijasema ujanja, nimesema pesa. Mwaka ule guka yako amelazwa na wewe umefukuzwa karo, mbegu ningenunua na nini? Nilipanda haya. Na ulikula."

Hapo Wafula hakubisha. Akachukua hindi moja akapukuchua kidogo. "Ona hii punje, ina kishimo kichwani. Yako ya zamani ilikuwa ngumu, mviringo. Chavua ya majirani inaingia kila msimu, kukhu, na wewe unachagua mahindi machache tu yale makubwa. Unayalinda na bado yanakuponyoka."

Kukhu akaliangalia lile hindi muda mrefu, maana hiyo alikuwa ameiona mwenyewe na hakuwa ameambia mtu.

"Na hizo zenu mlitoa wapi?"

"H611, ile haibridi ya kwanza ya Kitale, 1964, mzazi mmoja alitokana na mahindi ya walowezi wa hapa. Mwingine ni mahindi ya kienyeji ya kutoka Ecuador. Inaitwa Ecuador 573."

"573 ndiyo jina la mwenye shamba?"

"Hapana. Ni namba."

"Alilipwa nini?"

Wafula hakujua, na ilimuuma kwa sababu miaka yote aliyosoma hiyo hadithi hajawahi kuuliza.

"Nipe mahindi 50 nipeleke Muguga kwa benki ya mbegu, yakae kwa baridi."

"Si umesema ni mabovu?"

"Nimesema yanapotea."

"Utaandika jina langu. Si namba."

"Namba watayapa tu, lakini jina lako na la kijiji nitahakikisha yameingia kwa rekodi."

"Andika sasa hivi nikiona."

Akaandika. Halafu wakabishana tena juu ya shamba, Wafula anataka mita 200 kutoka kwa majirani na kukhu ana ekari mbili tu, mwisho wakakubaliana ya kwake itangulie wiki tatu mvua ikikubali, ili ichanue kabla ya zile zingine, na haibridi ipate nusu ekari upande wa barabara.

"Mbolea ya hiyo yako unanunua wewe," kukhu akasema, "na palizi utakuja mwenyewe, usinitumie mtu."