Ndoo Bado ni Tatu

Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu kuwasha redio. Kila mmoja alikuwa huru kuizima yake, na jambo hilo lilitajwa hewani mara kwa mara kama ushahidi wa uhuru wenyewe. Ila saa ya mgao wa maji haikuwa na ratiba: ilitangazwa wakati wowote kati ya alfajiri na usiku wa manane, ikiwa imebanwa baina ya tangazo moja la biashara na jingine, na mabomba ya mtaa yalifunguliwa robo saa baadaye. Aliyezima redio alilala na kiu. Kwa hiyo redio zilisema kutwa kucha, na watu wakazoea kuzisikia bila kuzisikiliza, kama wasikiavyo mvua juu ya bati, wakizinduka tu pale sauti ya mtangazaji ilipobadilika.

Sudi alikuwa msoma mita. Kila asubuhi alipita kwenye matangi ya mtaa na kuandika katika daftari lake lita zilizotoka usiku, na kwa miaka mingi lita hizo ndizo zilizokuwa kazi yake, heshima yake na mazungumzo yake ya chakula cha jioni. Siku mambo yalipobadilika alikuwa akifunga kamba za viatu.

«Hii ni Sauti ya Ustawi. Ifuatayo ni taarifa ya habari. Ndugu wananchi, Idara ya Mgao ina furaha kuwatangazia kwamba, licha ya njama za wale wasiotutakia mema, mgao wa kila kaya unabaki kuwa ndoo tatu kwa siku. Aidha, ndoo zenyewe zimeboreshwa. Ndoo ya kisasa ni nyepesi, inabebeka hata na mtoto, na imebuniwa kwa kuzingatia mgongo wa mama. Wananchi wenye vyombo vilivyopitwa na wakati wanaombwa kuvisalimisha kabla ya Ijumaa kwa ajili ya usalama wa afya zao wenyewe. Idara inawashukuru kwa maombi yenu mengi ya kutaka mabadiliko haya. Saa ya mgao wa leo itatangazwa. Endeleeni kuwa nasi.»

Mkewe, Mama Zena, aliuliza ni nani aliyeomba. Sudi alijibu kwamba huenda ni watu wa mitaa mingine, akaondoka. Njiani alikutana na watu wa mitaa mingine, nao walidhani ni watu wa mtaa wake.

Tangazo la kikombe lilianza kusikika juma lilelile.

«(Maji yanamiminwa. Mtoto anacheka.)
MTOTO: Mama, mbona kikombe cha baba hakijai?
MAMA: Kwa sababu baba bado anatumia kikombe cha zamani, mwanangu.
BABA: Nimekuwa nikiona kiu kumbe nilikuwa naona kikombe!
MTANGAZAJI: Kikombe Kamili! Kitako kinene, mdomo mpana, furaha hadi ukingoni. Unakijaza mara moja, unashukuru mara mbili. Kikombe Kamili: tatizo halikuwa maji.
WOTE, KWA WIMBO: Tatizo halikuwa maji!»

Kwenye ofisi ya wasoma mita walicheka mpaka machozi. Mmoja alikuwa hodari wa kuiga sauti ya yule baba, na kila mita ilipoonyesha tangi limepungua alikunja uso kwa mshangao na kusema, «Kumbe nilikuwa naona kikombe!» Wakacheka tena. Kalamu ikikauka wino, tatizo halikuwa wino. Mshahara ukichelewa, tatizo halikuwa mshahara. Hakuna aliyeliamini tangazo lile hata chembe, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona ubaya wa kulirudia mara kumi kwa siku. Baada ya muda kicheko kilipungua, lakini maneno yalibaki, yakitumika sasa kwa uso mkavu, kwa kuwa yalikuwa mafupi na kila mtu aliyaelewa. Fomu mpya za kazi zilipoletwa zikiwa hazina tena safu ya lita, ila safu moja tu yenye kichwa «Ndoo», yule hodari wa kuiga alisema msemo wake, akachukua kalamu, akaijaza.

Sudi aliendelea kuandika lita kwenye daftari lake la pembeni. Aliandika kwa herufi ndogo zaidi kuliko zamani, bila kuwa ameamua kufanya hivyo.

Jirani yao, Mzee Kombo, alikuwa fundi bati aliyetengeneza nusu ya ndoo za mtaa kabla hazijawa hatari kwa afya. Ijumaa ilipopita na ndoo zake mbili bado zikiwa zimetundikwa ukutani, alimwita Sudi uani jioni, akafunga mlango, akaweka ndoo zile chini pamoja na mgao wake wa siku ile. Hakusema kitu. Alimimina ndoo ya kwanza ya kisasa kwenye ndoo kuukuu, halafu ya pili, na ile kuukuu ilipojaa akahamia kwenye ya pili yake, akamalizia na ya tatu hadi tone la mwisho, kisha akaingiza mkono kupima: palibaki nafasi ya vidole vitatu kabla ya ukingo.

«Ndoo zangu ni za lita 20,» alisema. «Tatu zao hazijazi mbili zangu. Wewe ndiye mtu wa hesabu, mwanangu. Hiyo ni ngapi?»

Sudi alijua. Ilikuwa lita 36 mahali palipokuwa na 60. Alikuwa ameandika namba hiyo asubuhi kwa mkono wake. Lakini jambo lililomjia kwanza, kabla ya namba, lilikuwa kumtazama mzee akiinama na kuinuka na ndoo zile nzito, na kuwaza kwamba kwa kweli hazifai kwa mgongo wa mtu wa umri wake. Mzee Kombo hakuwahi kulalamikia mgongo. Sudi alimshauri kwa upole azisalimishe.

«Nikizisalimisha, tutapimia nini?» aliuliza mzee.

Zena, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa amechungulia ukutani. Usiku ule alimuuliza baba yake lita ni nini. Sudi alifungua kinywa kumweleza, akaona ni maelezo marefu, na mtoto alikuwa na mtihani kesho yake ambao haukuwa na swali hilo. «Ni kipimo cha zamani,» alisema, na Zena akaridhika, akarudi kwenye mchezo wake wa kuwanywesha wanasesere kwa vifuniko vya chupa huku akiwaimbia kwamba tatizo halikuwa maji.

Siku tatu baadaye, kati ya saa ya mgao na tangazo la sabuni isiyohitaji kusuuzwa, lilisomwa hili kwa sauti ya taratibu ambayo zamani ilikuwa ya matangazo ya vifo:

«Habari za furaha ziwafikie ndugu, jamaa na majirani wote popote walipo, kwamba fundi bati Mzee Kombo amekubali mwaliko wa kuhamia Makao ya Mapumziko. Mzee Kombo ameitumikia jamii kwa muda mrefu na sasa jamii inamtumikia. Majirani hawana haja ya kuulizia, kwani maswali huchosha wanaopumzika. Aliyepumzika hakupotea. Tangazo hili limeletwa kwenu kwa hisani ya Kikombe Kamili.»

Mlango wake ulikuwa wazi. Ukutani palibaki misumari miwili. Mama Zena alisimama uani kwa muda mrefu akiitazama, kisha akaingia ndani na kukaa bila kuzungumza na mtu, na Sudi, ambaye alitaka sana kumfariji, alijaribu kutafuta jambo la kweli la kumwambia. Angeweza kusema kwamba mzee amechukuliwa kwa sababu ya ndoo mbili. Angeweza kusema kwamba yeye mwenyewe alikuwa na daftari. Sentensi hizo zilikuwepo, lakini kila moja ilipaswa kuundwa upya, neno kwa neno, na kila neno lilidai lifuatwe na tendo fulani. Ilhali ile nyingine ilikuwa imekwisha kuundwa, imenyooka, na haikudai chochote.

Usiku ule alichana kurasa za lita, si kwa hofu, alijiambia, bali kwa sababu hazikuwa na safu kwenye fomu.

Kipindi cha salamu kilirushwa Jumapili. Wakazi wa Makao ya Mapumziko walikuwa wakiwasalimu waliowaacha, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa nusu dakika, na Zena alisogeza kigoda karibu na redio kwa sababu alimpenda Mzee Kombo, aliyemtengenezea birika la bati la kuchezea.

«Mimi ni Mzee Kombo. Salamu zangu ziwafikie majirani zangu wote, familia ya Bwana Sudi, Bibi Zena na mtoto. Waambieni mimi ni mzima. Mgongo wangu umepona. Ujumbe wangu: tatizo halikuwa maji. Mwenye kunijibu na anijibu.»

Zena alipiga makofi. Mama yake aliinua uso.

«Bibi Zena ni nani?» aliuliza.

«Wewe,» alisema Sudi.

«Miaka yote hii ameniita shemeji. Na mtoto ana jina. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikwangua kwenye kile kibirika. Huyo si Mzee Kombo, Sudi. Au ni yeye na amesomeshwa karatasi.»

«Aliyepumzika hakupotea,» alisema Sudi.

Alilisema kwa haraka na kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuomba chumvi. Mama Zena aligeuka akamtazama kwa makini.

«Hayo umesema wewe?»

Alitaka kujibu kwamba ndiyo, ni yeye. Au kwamba hapana, yamemponyoka. Lakini katika kutafuta namna ya kulisema hilo la pili alikutana tena na wimbo, na kikombe, na mgongo wa mama, na shukrani kwa maombi yenu mengi, na nyuma ya vyote hivyo namba 36 ikiwa imesimama peke yake, bila kipimo cha kuifuata. Alikuwa bado akitafuta sauti ilipobadilika redioni.

«Ndugu wananchi, mgao ni sasa. Mabomba yatakuwa wazi kwa dakika kumi na mbili, muda ulioboreshwa kutoka dakika ishirini ili kuwaondolea usumbufu wa foleni.»

Mama Zena alikuwa tayari amesimama, amemvisha mtoto kandambili na kumkabidhi ndoo moja, kwa kuwa ndoo zilikuwa nyepesi na mtoto aliweza.

«Chukua hiyo ya tatu,» alimwambia mumewe. «Mpini umekatika, ishike kwa chini. Na tukirudi utaniambia ni lita ngapi.»