Ombi la picha za bidhaa nne kwenye bakgraundi tupu, kwa ajili ya bango la Darajani

Assalamu alaykum, kaka Juma.

Natumai uko salama na kazi zinakwenda. Boksi la bidhaa linapanda boti ya asubuhi kesho Jumanne. Kijana wetu atakupigia akishashuka bandarini Dar. Ndani mna asali ya gramu 500 (chupa tatu), mafuta ya mchaichai ya mililita 30 (chupa tatu), sabuni za nazi sita na vikapu viwili vya ukili. Nimezidisha makusudi ili uchague iliyo safi. Chupa yenye lebo iliyokaa upande, iweke kando.

Picha hizi hazitatumika kama zilivyo. Kila bidhaa nitaikata niitoe kwenye bakgraundi yake, kisha niipandikize kwenye picha moja ya baraza la nyumba ya Mji Mkongwe ambayo tayari ninayo. Kina mama wanaotengeneza bidhaa hizi wanataka zionekane zimepangwa pale barazani, asubuhi, mlango wa nakshi nyuma yake. Kwa hiyo nakuomba usihangaike na maua, vitambaa wala mbao za mapambo. Ninachohitaji kwako ni ukingo: mstari ule ambapo bidhaa inaishia na bakgraundi inaanzia uonekane wazi pande zote.

Nieleze kwa nini nalisisitiza hili. Mwaka jana nililetewa picha za sabuni hizi hizi, nyeupe juu ya karatasi nyeupe, zimewashwa mpaka kila kitu kinang'aa. Kwenye simu zilipendeza sana. Nilipozifungua kukata, upande wa kulia wa sabuni haukuwepo. Weupe wake umeyeyukia kwenye weupe wa karatasi na hakuna kilichobaki cha kufuata. Nilichora ukingo kwa kubuni, na kwenye bango sabuni ikatoka kama imetafunwa. Mama aliyeitengeneza aliiona akaniuliza kama ni ya kwake. Sitaki aniulize tena.

Basi sabuni ipige kwenye karatasi ya kijivu cha kati, isiyong'aa. Angalia histogramu: weupe wa sabuni usigonge ukuta wa kulia, kwa sababu nataka zile alama ndogo za kisu juu yake zibaki. Kikapu nacho weka kijivu, lakini kilichokoza zaidi. Ukili una nyuzi zinazochomoza mdomoni na kwenye mishikio, na zina rangi ya mchanga. Bakgraundi ikiwa nyeusi kuliko zenyewe, kila uzi utasimama peke yake nami nitaukamata. Usizipunguze kwa mkasi. Ndizo zinazoonyesha kuwa kikapu kimesukwa kwa mkono. Kijani cha video tafadhali usitumie kwa bidhaa yoyote, maana rangi yake inarudi kwenye mifuniko na kwenye kioo, na kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Asali ndiyo ngumu, kaka, na hapo naomba subira yako. Kioo hakina ukingo wa kweli, kinaonyesha kilicho nyuma yake. Nikikata asali iliyopigwa kwenye bakgraundi nyeupe nikaiweka mbele ya mlango wa mninga, shingo ya chupa itabaki na weupe wa studio yako na kila mtu ataona kwamba imebandikwa. Kwa hiyo chupa ya asali piga mara mbili: mara moja bakgraundi nyeupe, mara ya pili nyeusi, bila kugusa chupa, kamera wala taa ya mbele. Badilisha karatasi ya nyuma tu. Nikizilaza hizo mbili moja juu ya nyingine, mahali zinapofanana ni mahali pasipopitisha mwanga, yaani lebo na mfuniko. Zinapotofautiana ndipo kioo kinapopitisha, na ukubwa wa tofauti unaniambia kinapitisha kiasi gani. Hapo mlango utaonekana kupitia shingo ya chupa kama unavyopaswa. Lakini chupa ikisogea hata milimita moja kati ya picha mbili, hesabu yote inaharibika. Funga tripodi vizuri, tumia rimoti au kipima muda, na feni ya dari izimwe. Mafuta ya mchaichai yamo kwenye kioo cha kahawia. Fanya vivyo hivyo.

Chupa zisikae juu ya meza pana. Zisimamishe juu ya kitu chembamba kuliko kitako chake, kipande cha mbao au kopo lililogeuzwa, ili hata ukingo wa chini uonekane dhidi ya bakgraundi. Bakgraundi iwe mbali, mita moja na nusu nyuma au zaidi ukiwa na nafasi, rangi yake isirudi kwenye mabega ya chupa. Mfuniko wa asali ni wa rangi ya dhahabu na unaakisi kila kitu, pamoja na shati lako. Vaa jeusi siku hiyo, na weka ubao mweupe upande mmoja wa mfuniko ili upate mstari mmoja safi wa mwanga badala ya dirisha lote la studio.

Ukikuta asali imeganda chini, iache chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia, mpaka ilainike. Isichemshwe. Kisha ikae imetulia kwa saa kadhaa ili mapovu yapande juu. Futa alama za vidole kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na baada ya hapo ishike kwa glavu.

Sasa mwanga. Picha ya baraza niliipiga saa mbili na dakika arobaini asubuhi, jua likiwa chini upande wa kushoto, mbele kidogo ya baraza. Vivuli vinalala kulia na kurudi nyuma, vina kingo kali. Ukuta wa chokaa upande wa kulia unarudisha mwanga laini kwenye vivuli hivyo. Nakuomba uige hivyo hivyo: taa moja kushoto bila softiboksi kubwa, iwe juu kidogo ya bidhaa, na ubao mweupe kulia. Najua kawaida ya picha za bidhaa ni softiboksi mbili pande zote, na hupendeza, ila bidhaa iliyomulikwa pande zote ikiwekwa barazani inaelea. Hata nikiikata kwa ustadi wa namna gani, jicho litaikataa bila kujua sababu.

Na kimo cha kamera. Pale barazani kamera yangu ilikuwa sentimita 65 juu ya sehemu ya kukalia, umbali wa mita 2.5. Hiyo ni kuinama kwa nyuzi 15 hivi. Kwa lenzi yako ya 100, ukiwa mita 1 kutoka kwenye chupa, inua kamera sentimita 26 juu ya pale chupa iliposimama, nawe utapata pembe ile ile. Kikapu ni kikubwa, rudi nyuma mita 2, kamera ipande sentimita 52. Usiniletee picha za kutoka juu kabisa, wala zilizonyooka usawa wa lebo, kwa sababu duara la mfuniko ndilo linalosema kamera ilikuwa wapi, na siwezi kulibadilisha baadaye.

Ukubwa: bango ni mita 2 kwa 1, na chupa ya asali itasimama sentimita 50. Kwa pikseli 150 kila inchi nahitaji pikseli 2950 kwenda juu kwa chupa peke yake. Kamera yako ya megapikseli 24 ukiisimamisha wima ina pikseli 6000, hivyo chupa ijaze zaidi ya nusu ya fremu, lakini iache nafasi pande zote nne. Usikate picha. f/11, ISO 100, na fokasi kwenye lebo. Kwa kikapu piga fremu tatu, fokasi ikiwa mdomo wa mbele, katikati, na mdomo wa nyuma. Fremu moja mwanzoni iwe na kadi ya kijivu pembeni ya bidhaa, nipate rangi sahihi. Kijani cha lebo ya mchaichai ni cha kina mama wenyewe, wamekichagua kwa muda mrefu.

Ukimaliza kila bidhaa, kabla hujaiondoa, iweke juu ya karatasi nyeupe pana upige picha moja zaidi kwa taa ile ile, kivuli kikiwa kimelala wazi. Kivuli hicho nitakikata peke yake nikilaze barazani.

Tafadhali usiniondolee bakgraundi wewe. Najua programu siku hizi zinafanya kwa kubonyeza mara moja, lakini hula nyuzi za kikapu na hujaza shingo ya chupa. Usilainishe, usiongeze ung'avu. Niletee RAW zenyewe kwenye folda ya Google Drive niliyokufungulia, kwa majina ya mtindo huu:

```
asali_nyeupe_01
asali_nyeusi_01
asali_kivuli_01
sabuni_kijivu_01
kikapu_fokasi_1
```

Kwenye WhatsApp tuma moja tu, ya asali jozi ya kwanza, kabla ya kuendelea na nyingine. Ntaiangalia papo hapo nikuambie kama kimo na mwanga vimekaa. Kama kuna la kurekebisha ni bora lirekebishwe chupa ikiwa bado imesimama. Nimeambatisha picha ya baraza uitazame ukiwa unapanga taa. Iweke kwenye kompyuta karibu nawe.

Faili zote nazihitaji Alhamisi saa kumi jioni. Ijumaa naunganisha, Jumamosi asubuhi bango linaingia kwa mchapaji. Malipo ni 480,000 kama tulivyokubaliana: 240,000 nimekutumia leo mchana kwenye simu, nusu nyingine siku nitakapofungua faili nikaona zimetimia. Hizo fremu mbilimbili za chupa na fremu za kivuli zimo ndani ya hesabu hiyo. Ukiona zimezidi kazi tuliyozungumza, niambie leo tuongeze, usinyamaze.

Bidhaa zikibaki usizirudishe. Sabuni na asali mpelekee mama nyumbani, na umwambie zimetoka kwa wenziwe wa Unguja. Vikapu tu ndivyo naomba virudi kwa boti, kwani vimeshaagizwa na mteja.

Wako katika kazi,
Salma