Ombi la Kuongezewa Muda wa Kukata Rufaa

KATIKA MAHAKAMA KUU YA KENYA, MOMBASA
(Vifungu 79G na 95, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21)

Mwombaji anaomba aongezewe muda wa kukata rufaa dhidi ya hukumu ya Hakimu ya 4 Machi 2025, na rasimu ya rufaa iliyoambatishwa ikubaliwe.

HATI YA KIAPO

Mimi, Mwanaisha Bakari Omar, mchuuzi wa vitenge, mkaazi wa Likoni, naapa:

1. Siku 30 za rufaa ziliisha 3 Aprili.

2. Tarehe 27 Februari simu yangu ilitumbukia baharini nikishuka feri. Namba haikurudi hewani hadi 19 Aprili, maana kitambulisho kilikuwa ndani ya kifuko cha simu, nacho kilizama. Wakili wangu wa awali alikuwa na namba hiyo tu. Kosa la kutomfuata ofisini ni langu, sikatai.

3. Nilipata nakala ya hukumu 28 Aprili.

4. Hakimu hakugusia risiti zangu za malipo ya Sh210,000.

5. Niko tayari kuweka dhamana, ili mjibu maombi asiumie.

Niyasemayo ni kweli kwa ufahamu wangu.

Imeapwa Mombasa, 6 Mei 2025, mbele ya Kamishna wa Viapo.