MEMO: Taa za onyo kwenye dashibodi

Kwa: Madereva wote, yadi ya Nakuru
Kutoka: Meneja wa Usafiri

Kuanzia Jumatatu, kila taa ya onyo inayowaka iandikwe kwenye fomu ya ukaguzi wa kila siku, hata ikizimika yenyewe. Andika rangi yake, saa, kilomita na mahali ulipokuwa, kisha umwambie fundi wa zamu kabla ya kukabidhi funguo.

Asubuhi, washa swichi kabla ya kupiga injini na uangalie dashibodi: taa ya oili na ya betri lazima ziwake, kisha zizimike injini ikinguruma. Isiyowaka kabisa nayo ni hitilafu, iandike. Juzi fundi alibandua selotepu nyeusi juu ya taa ya ABS. Hilo sitalivumilia.

Taa nyekundu ya oili, joto au breki ikiwaka njiani, egesha mahali salama, zima injini, piga simu yadi. Usiteremke Sachangwan kuelekea Salgaa ukiwa na taa ya breki, hata mteja akilalamika vipi. Kuchelewa nitajibu mimi, na hakuna atakayekatwa mshahara kwa kuripoti.